Mtakavyoona Inafaa

Mimi natengeneza vyombo vya stili Gujranwala: sufuria, sahani, madebe ya maziwa. Shule niliacha darasa la sita. Klabu ya wawekezaji ya Lahore walinialika kwa sababu nina pesa, na mengine yangu wanayavumilia. Nakula kwa sauti, sijui kunong'ona, na mtu akiongea upuuzi namwambia ni upuuzi. Madam Ayla Kirmani, mwenyekiti wetu, husema kila meza inahitaji mtu mmoja asiye na adabu, na kwamba kwetu nafasi hiyo imejazwa vizuri.

Klabu inakutana mara chache kwa mwaka kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu, Gulberg. Watu wenye biashara changa wanakuja, kila mmoja anapewa dakika mbili. Katika dakika hizo aseme mambo matatu: shida ni nini, dawa yake ni nini, na anaomba nini kwetu. Aseme kama anavyomweleza jirani. Ukitumia maneno ya kuazima ili uonekane msomi, Madam Ayla anakukata. Ana kengele ndogo ya mezani, ile ya kupiga kwa kiganja. Na kuna sheria moja hailegezwi: asiyetaja ombi lake hajadiliwi. Hata kama ameshika jua mkononi. Sheria hiyo mimi mwenyewe niliipigia kura, kwa sababu nimeshachoka na watu wanaokuja kutusimulia ndoto zao halafu wanakaa.

Siku hiyo ilikuwa Januari na ukungu ulikuwa umeishika Lahore kooni. Nilifika mapema, shali begani, nikasimama karibu na meza ya chai nikihakikisha sambusa hazijapoa. Kijana mmoja mwenye masharubu akanisogelea.

"Kaka, chai hii ni ya bure au tunalipia?"

"Ya bure."

"Basi nimiminie mbili. Moja ya dada yangu. Weka sukari ya kutosha, hajala tangu jana."

Nikamiminia. Akaniuliza kama mimi ndiye mpishi mkuu au msaidizi tu. Nilimwambia mpishi mkuu. Akaniangalia tumbo akasema, "Inaonekana, mashallah. Mpishi mwembamba mimi simwamini."

Nilimpenda hapo hapo. Jina lake Mudassar, muuza maziwa kutoka vijiji vya upande wa Sheikhupura. Dada yake, Tasneem, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho ukutani, shali ya kijivu kichwani, midomo ikicheza bila sauti kama mtu anayerudia aya kabla ya mtihani. Mwalimu wa sayansi wa shule ya wasichana. Mudassar alinieleza yote bila kuulizwa, kama ilivyo kawaida ya wauza maziwa. Dada amechukua likizo bila mshahara mwaka mzima kwa ajili ya hiki kitu chao. Mkuu wa shule amechoka kumsubiri: Jumatatu arudi darasani, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Leo ni Ijumaa," nikasema.

"Ndiyo maana hajala. Leo wakikubali, Jumatatu haendi. Wakikataa, anarudi kwenye chaki na haya mabomba yetu tunafungia ng'ombe."

"Mabomba gani?"

"Utasikia. Wewe hakikisha sambusa hazipoi."

Tulipoitwa ndani akaniona nakaa kwenye meza ya wawekezaji, mbele ya kibao chenye jina langu, Rafaqat Butt. Masharubu yakamwanguka. Nikamkonyeza.

Walitangulia vijana wawili wenye programu ya simu ya kutafuta mafundi cherehani. Sawa tu. Akafuata mzee mmoja wa mbolea, akapitiliza muda, kengele ikamkata katikati ya neno. Kisha Tasneem akasimama.

Alianza vibaya. Alitushukuru sisi, akashukuru klabu, akatuombea dua, akasema yeye ni mtu mdogo mbele ya wakubwa. Nilimwona Madam Ayla akiangalia saa. Halafu, bila onyo, akawa mtu mwingine. Bila shaka ndivyo alivyokuwa darasani.

"Maziwa mliyokunywa leo asubuhi na chai," akasema, "msimu wa joto yana barafu ndani. Kaka yangu anatoka kijijini kwa pikipiki, madebe mawili huku, mawili huku. Joto ni kali, maziwa yatachacha kabla hajafika mjini. Kwa hiyo njiani anasimama kwenye kiwanda cha barafu, ananunua kipande, anakivunja kwa nyundo, anakitupa ndani ya debe. Barafu hiyo wanaiburuta sakafuni. Maji yake hakuna anayejua yametoka wapi. Inayeyuka ndani ya maziwa ya mtoto wako. Asipoitia, anamwaga debe zima mtaroni. Kwa hiyo anachagua: uchafu au hasara. Hiyo ndiyo shida."

Mtu mmoja alisukuma kikombe chake cha chai mbali kidogo.

"Dawa ni hii." Mudassar akaleta bomba la stili, nene kama mkono wa mtu, refu kama debe lilivyo na kina, limefungwa pande zote, lina kishikio juu. "Ndani kuna maji yenye chumvi kidogo. Usiku linalala kwenye friza pale maziwa yanapokusanywa. Asubuhi linaingia ndani ya debe. Baridi inatoka, maji hayatoki. Haligandishi maziwa, linayapooza vya kutosha yafike mjini salama. Muuza maziwa hanunui bomba. Analikodi kwa siku, kwa pesa pungufu ya ile anayotoa kwenye barafu. Msimu uliopita wauza maziwa thelathini walitumia. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye barafu."

Nilikuwa nimeegemea mbele bila kujijua. Madebe nayatengeneza mimi miaka yote na sijawahi kufikiria kinachotokea ndani yake yakishatoka kiwandani. Kwa hesabu yangu alikuwa bado ana muda wa kutosha. Lilibaki jambo moja tu.

Tasneem akashusha macho. Shali akaivuta mbele.

"Na kuhusu msaada," akasema, sauti imemshuka hadi miguuni, "ninyi ni wakubwa zetu. Mtakavyoona inafaa."

Akakaa.

Madam Ayla alizisubiri sekunde zilizobaki, kama mtu anayeshikilia mlango kwa ajili ya mgeni. Hakuna aliyeingia. Akagonga kengele.

"Ahsante, Tasneem. Bahati mbaya hatukusikia ombi. Anayefuata."

Najua watu wanaosoma hapa wanadhani alisahau. Hakusahau. Kwetu Punjab, ukimuuliza fundi bei anakwambia "mtakavyoona inafaa." Dereva wa riksho atakwambia hivyo, hata kinyozi. Maana yake si kwamba hana bei. Bei anayo, na wewe unaijua, na yeye anajua unaijua. Anakuachia wewe uitamke ili yeye asionekane mroho, na ukitoa kidogo aibu iwe yako. Ni heshima yenye meno. Kwa mwanamke wa kijijini aliyesimama mbele ya wanaume kumi asiowafahamu, ni zaidi ya heshima. Kutaja pesa kwa mdomo wake mwenyewe ni kama kuvua shali.

Lakini riksho ina abiria mmoja na njia anaijua. Mwekezaji haijui njia. Asipoambiwa ni kiasi gani, cha kufanyia nini, na atapata sehemu gani ya biashara, hana cha kukubali wala cha kukataa. Hiyo ndiyo sababu ya sheria.

Tulipotoka kwa mapumziko niliwakuta kwenye ngazi. Mudassar alikuwa na bomba mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Mpishi mkuu," akasema kwa uchungu, "ungeniambia."

"Ningekwambia, ungeacha kunitania. Wewe, mwalimu. Ulikuwa unataka kiasi gani?"

Tasneem akasimama kwa adabu. "Butt Sahib, nyinyi ndio mnaojua mambo haya."

"Sijui kitu. Kiasi gani?"

"Chochote ambacho..."

"Nikikupa rupia mia utashukuru?"

Machozi yalikuwa karibu, na mimi machozi ya watu wengine yananifanya niwe mkali zaidi. "Wanafunzi wako wakikujibu swali la hesabu 'utakavyoona inafaa, mwalimu,' unawapa alama?"

"Kaka, usimwonee," Mudassar akasema. "Hii ni damu. Baba yetu alikuwa dalali wa nyati kwenye mnada. Miaka yote hatukumsikia akitaja bei kwa mdomo. Hata nyumbani."

"Alikuwa anataja na nini?"

"Si unajua. Kwa vidole."

Nilijua. Kila aliyewahi kununua nyati Punjab anajua. Muuzaji na dalali wanapeana mikono chini ya kitambaa, na bei inasemwa kwa kubana vidole: kimoja ni moja, kiganja kizima ni tano. Nje wanaongea habari za mvua. Watu wote wamewazunguka na hakuna anayejua bei imefika wapi.

Nikavua shali yangu nikaitupa juu ya mkono wangu wa kulia. "Lete mkono, Mudassar. Dada yako atakunong'oneza, wewe unibane."

"Hapa? Kwenye ngazi?"

"Au unataka nikuletee nyati kwanza?"

Tasneem akacheka, ingawa pua ilikuwa imejaa. Akainama akamnong'oneza kaka yake. Mudassar akaingiza mkono chini ya shali. Mkono wa muuza maziwa ni kama koleo. "Haya ni makumi ya laki," akasema kwa sauti, halafu akanibana vidole vitatu.

Thelathini.

"Na sehemu ya biashara mnayotoa?"

Akamnong'oneza tena. "Makumi ya asilimia." Vidole viwili.

Laki thelathini kwa ishirini katika mia. Nilisimama pale mkono umebanwa, nikiangalia ukungu dirishani, nikipiga hesabu. Haikuwa bei ya mtu asiyejua. Kumbe alikuwa nayo kichwani muda wote, imekaa sawasawa.

"Za nini?" nikamuuliza mwenyewe.

Hapo akajibu bila kigugumizi, kwa sababu za nini si kiasi gani. "Nusu ni mabomba mia sita. Theluthi ni friza tano na betri zake, maana umeme ukikatika usiku mabomba hayagandi. Iliyobaki ni kuendesha mpaka kodi ianze kuingia. Yote kabla ya Aprili. Joto likishaingia, muuza maziwa anakuwa ameshapatana na mwenye barafu kwa msimu mzima, hakusikilizi tena."

"Umeyasema haya kule ndani?"

"Hapana."

"Mungu akupe nini sasa, mwanangu? Chini ya shali unafanya biashara. Juu ya shali unaomba sadaka."

Nilirudi ndani nikamkuta Madam Ayla anaongea na simu. Timu ya kutoka Islamabad ilikuwa imekwama. Barabara kuu imefungwa kwa ukungu. Dakika mbili zao zilikuwa zimebaki tupu.

"Mpe yule mwalimu," nikasema.

"Rafaqat, sheria uliipigia kura wewe."

"Sheria inasema asiyetaja hajadiliwi. Haisemi asisimame tena kama kuna nafasi."

Yeye ni mtu wa haki, lakini haki yake ina kona. "Anaanza upya. Yote matatu. Dakika mbili hizo hizo. Na wewe usimsaidie hata kwa kukohoa."

Tasneem akasimama mara ya pili. Safari hii hakutuombea dua. Alisema, "Maziwa yenu yana barafu chafu," akaeleza njia ya kaka yake kwa maneno machache kuliko mwanzo, akainua bomba mwenyewe, akaeleza friza, debe, kodi, wale wauza maziwa thelathini. Kila kitu kikawa kifupi na kizito zaidi. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na alikuwa na nafasi.

Halafu akafika pale pale.

"Na ombi letu," akasema. Akakwama.

Madam Ayla kiganja chake kilikuwa juu ya kengele. Nilikuwa na hamu ya kukohoa hadi kifua kikauma. Mudassar ukutani alikuwa amefumba macho.

Tasneem akaangalia mikono yake. Polepole akavuta ncha ya shali ya kijivu, akaufunika mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto akauingiza humo ndani. Nikaona kitambaa kikitikisika kidogo. Alikuwa anajibana vidole mwenyewe.

"Laki thelathini," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, ikagonga ukuta wa nyuma. Akashtuka, lakini hakuitoa mikono. "Kwa ishirini katika mia ya biashara. Nusu mabomba mia sita. Laki kumi friza tano na betri. Laki tano kuendesha. Tunahitaji kabla ya Aprili, kwa sababu Aprili wauza maziwa wanapatana na wenye barafu. Ni hilo tu."

Kengele ikalia baada ya hapo. Mwenzetu mmoja, daktari wa meno, akapiga makofi akiwa peke yake, akaona aibu akaacha.

Basi wakamjadili, na kujadiliwa si kupendwa. Daktari akauliza kwa nini viwanda vikubwa vya maziwa visilifanye hilo vyenyewe. Akajibu kwamba viwanda vina malori ya baridi. Wauza maziwa wa pikipiki hawana mtu. Madam Ayla akauliza bomba likipasuka, maji ya chumvi yakaingia kwenye maziwa, nani atajua?

"Tumetia rangi ya chakula ya kijani," Tasneem akasema. "Likivuja, maziwa yanakuwa kijani na muuza maziwa anapiga kelele."

"Nilipiga mimi," Mudassar akasema kutoka ukutani. "Mara moja. Mama mmoja alidhani nimemuuzia juisi ya nyasi."

Watu wakacheka. Nikaliomba bomba. Nikalipapasa kwa kidole gumba pale kitako kilipounganishwa. "Kiungo hiki kimechomelewa vibaya," nikasema. "Kina vinundu. Maziwa yatashika humo na brashi haifiki. Alichomelea nani?"

"Fundi wa mageti," Tasneem akasema.

"Inaonekana. Anafaa kubaki kwenye mageti."

Hakujitetea. Aliuliza, "Kinatakiwa kiweje?" Nilimwambia kinang'arishwa hadi kidole kisijue kiungo kilipo. Akaitikia kwa kichwa kama anayeweka kitu mahali pake.

Kwetu hakuna anayetoa pesa siku hiyo hiyo. Anayekwambia atatoa siku hiyo hiyo mkimbie. Lakini Madam Ayla alisema yeye ataingia na nusu ikiwa karatasi zao ziko sawa na akishaongea na wale wauza maziwa mwenyewe. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Mimi ni mfanyabiashara. Siwezi kuona bei bila kuisukuma kidogo, ni kama kuwashwa. "Nusu nyingine naitoa mimi," nikasema. "Lakini sisi wawili tupate thelathini katika mia, si ishirini. Biashara ni changa, fundi wenu ni wa mageti."

Nilidhani atashusha macho. Mikono ilikuwa bado chini ya shali.

"Ishirini, Butt Sahib."

"Ishirini na tano."

"Nilitaja ishirini. Ulinilazimisha nitaje. Sasa imeshatajwa."

Madam Ayla akaweka kiganja mdomoni. Aliyecheka waziwazi ni Mudassar, na alicheka kama mtu aliyeangusha debe tupu.

"Ishirini," nikasema. "Tukutane Jumanne kiwandani kwangu. Mje na karatasi."

"Jumanne yuko shuleni," Mudassar akasema, akimtazama dada yake. "Au hayuko?"

Hakuna aliyemsaidia Tasneem kwa hilo. Karatasi zingeweza kukwama, Madam Ayla angeweza kuona kitu asichokipenda, mimi mwenyewe ningeweza kufa kwa sambusa. Alijua. Nilimwona akipima, macho kwenye lile bomba.

"Siko," akasema.

Tuliposhuka ngazi ukungu ulikuwa bado umeshikilia na taa za magari zilikuwa zimewashwa mchana. Mudassar alikuwa anafunga bomba kwenye pikipiki kwa mpira. Tasneem akanigeukia pale mlangoni, ncha ya shali imerudi begani, mikono iko nje.

"Butt Sahib, yale mabomba mia sita. Tukiyatengenezea kwako, kwa kiungo kizuri, utatutoza kiasi gani kila moja?"

Nikafungua mdomo. Ni ajabu jinsi maneno yanavyotoka yenyewe. Alikuwa mwenzangu sasa, na mdogo kwangu, na baridi ilikuwa kali, na sikutaka kuonekana mroho.

"Ah, mwanangu, sisi ni watu wa nyumba moja," nikasema. "Mtakavyoona inafaa."

Mudassar akaacha kufunga mpira.

Tasneem aliniangalia, kisha akanyoosha ncha ya shali yake mbele yangu kwa heshima zote, kama anayenitandikia.

"Taja," akasema.